Kuazima macho, uso au kichwa kizima: kipi kitakaa vizuri kwenye picha nyingine?

Anayetengeneza picha za harusi hapa Lubumbashi anaijua kazi hii bila kuelezwa. Picha ya familia ina watu 12, 11 wametoka vizuri, na yule mmoja aliyefumba macho ndiye kambo mwenyewe, yule mzee mwenye wajukuu, aliyekalishwa katikati. Kwenye picha iliyotangulia macho yake yako wazi, ila watoto wawili wa mbele wamegeukia nyuma. Basi unaazima: unachukua sehemu ya kambo kwenye picha moja na kuihamishia kwenye nyingine. Rangi unailinganisha, mshono unaufuta hadi hauonekani, na bado bibi harusi akija kuitazama anauliza, "Yaya, kambo anaangalia nani pale?"

Swali hilo halijibiwi kwa kusugua mshono zaidi. Linajibiwa mapema, unapochagua picha ya kuazimia na unapochagua ukubwa wa kipande utakachokata. Vipande vinavyoshindana ni vitatu: macho peke yake pamoja na nyusi; uso wa ndani, kuanzia nyusi hadi kidevu, nywele na masikio yakibaki ya zamani; au kichwa kizima na shingo yake. Wengi wetu mkono unakimbilia kile cha pili, kwa sababu kinaonekana ni cha kati na kati. Kwangu hicho ndicho cha mwisho kujaribu.

Kuinama na kugeuka

Kichwa kina miendo mitatu, na kwenye skrini kila mmoja una bei yake. Kuna kuinama upande, sikio likielekea begani. Kuna kugeuka, pua ikielekea kushoto au kulia. Na kuna kupandisha au kushusha kidevu.

Kuinama upande ndiko kwa bei rahisi kabisa. Mtu aliyeinamisha kichwa akiangalia kamera anabaki na sura ileile, ila imezungushwa juu ya karatasi. Ukiizungusha kurudi, umerudisha kila kitu: urefu wa pua, nafasi kati ya macho, umbo la midomo. Tena, mtu aliyekuwa anaangalia moja kwa moja kwenye lenzi ataendelea kuangalia lenzi hata ukimzungusha nyuzi 10 au 20, maana weusi wa jicho lake unabaki palepale ndani ya kope. Utazamo hauharibiki.

Kugeuka ni habari nyingine. Pua inapoelekea kushoto, shavu la kulia linafunguka na la kushoto linajificha, sikio moja linatokeza na jingine linapotea. Vitu vilivyofichwa na lenzi haikuviona havirudi kwa kuzungusha wala kwa kuvuta. Nyuzi 3 au 4 za tofauti zinaweza kupita. Nyuzi 15 hazipiti, hata kama kichwa kimesimama wima na kwa haraka kinafanana na kile cha picha ya msingi.

Hapo ndipo watu wanapochagua vibaya. Wakiwa na picha mbili za kuazimia, moja kambo ameinama kwa wazi na nyingine amesimamisha kichwa lakini amekigeuza kidogo, wanachukua iliyosimama. Ingefaa wachukue iliyoinama.

Kupima badala ya kukisia

Kuinama kunapimwa kwa sekunde chache. Kwenye Photoshop unachukua Ruler, unaivuta kutoka kona ya nje ya jicho moja hadi kona ya nje ya jicho la pili, na pembe inasomeka juu kwenye A. Kwenye GIMP kifaa ni Measure, unakifungua kwa Shift+M, na pembe inatokea chini ya dirisha. Fanya hivyo kwenye picha zote mbili, toa moja kwa nyingine, na tofauti hiyo ndiyo utakayozungusha.

Kugeuka hakupimwi kwa upana wa uso, ingawa ndiko jicho linakoenda kwanza. Kichwa kikigeuka nyuzi 15, umbali kati ya kona za nje za macho unapungua kwa asilimia 3 au 4 tu. Nani ataiona? Kinachosema ukweli ni ncha ya pua, kwa sababu imetokeza mbele ya macho kwa sentimita 4 hivi, zaidi kidogo au pungufu kulingana na mtu. Tafuta katikati ya ule mstari wa macho, shuka wima kwa kuufuata uso, uone ncha ya pua imekaa pikseli ngapi kando. Kwa kadirio, kila nyuzi 5 za kugeuka zinaisogeza pua kwa asilimia 4 ya upana wa macho, nje kwa nje. Si kipimo cha daktari, lakini kinatosha kutofautisha nyuzi 3 na nyuzi 15, na hilo ndilo tunalotaka kujua.

Kidevu nitakipitia haraka. Kikipanda, matundu ya pua yanafunguka na masikio yanashuka chini ya mstari wa macho. Kikishuka, ni kinyume chake. Tofauti ikionekana kwa macho bila kupima, picha hiyo haifai kuazimwa uso wala macho. Labda kichwa kizima, na hapo pia kwa wasiwasi.

Kambo wa Katuba

Tuchukue kazi moja tuifuate. Harusi ilikuwa Katuba, familia imepangwa uwanjani kivulini, kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya milimita 35 kwenye mguu wa tripodi. Watu 12 wamejaza fremu ya upana wa mita 4 na nusu hivi. Fremu ina pikseli 6000 kwa upana, kwa hiyo kila milimita ya mwili inapata pikseli 1.3.

Hesabu hiyo ndogo inafaa kufanywa, kwa sababu inakuonyesha unacheza na kitu cha ukubwa gani. Weusi wa jicho la mtu mzima, yaani ule mduara wote wa rangi pamoja na mboni, una upana wa karibu milimita 12, na watu hawatofautiani sana. Kwenye fremu hii ni pikseli 15 au 16. Jicho linapozunguka nyuzi 10, weusi unasogea karibu milimita 2, sawa na pikseli 2 na nusu. Kosa la pikseli moja tu ni nyuzi 4 hivi za utazamo. Binadamu amezaliwa na ukali wa kuona nani anamwangalia na nani hamwangalii, ndiyo maana bibi harusi asiyejua lolote kuhusu leya na maski anagundua kosa ambalo wewe, ukiwa umekuza picha asilimia 400, hulioni.

Picha ya msingi ni ya 4. Kambo amefumba macho, mstari wa macho umeinama nyuzi 1, upana wa macho ni pikseli 120, ncha ya pua iko pikseli 2 kulia. Ametazama mbele kabisa.

Picha ya 3: ameinamia kwa mjukuu aliye kando yake. Mstari wa macho una nyuzi 10. Upana ni pikseli 119. Pua, ikipimwa kwa kufuata uso ulioinama, iko pikseli 3 kulia. Anaangalia lenzi.

Picha ya 6: kichwa kimesimama, nyuzi 2 tu. Upana ni 116. Lakini pua iko pikseli 14 kushoto. Kati yake na picha ya msingi kuna tofauti ya pikseli 16, sawa na asilimia 13 ya upana wa macho, na hiyo ni takriban nyuzi 15 za kugeuka. Macho yake yanaangalia lenzi pia: amegeuza kichwa, macho yamebaki kwetu.

Ukiziweka picha hizi kando kwa kando kwenye skrini, ya 6 ndiyo inayokuita. Kitambaa chake cha kichwa kimekaa sawa na cha picha ya 4, shingo imenyooka, na hata tabasamu ni lilelile.

Uso wa ndani: kwa nini hauendi

Chukua uso wa picha ya 6, kuanzia nyusi hadi kidevu, uubandike kwenye kichwa cha picha ya 4. Kitambaa, masikio na taya vinasema huyu mtu anatazama mbele. Pua na midomo vinasema amegeukia kushoto. Weusi wa macho umesogea kulia ndani ya kope, kwa sababu kichwa kilipokwenda kushoto macho yalilazimika kurudi kulia ili yabaki kwenye lenzi. Mtazamaji anajumlisha yote matatu, na jumla haimfikishi popote.

Mwingereza William Hyde Wollaston aliandika juu ya jambo hili mwaka 1824, kabla hata kamera hazijaingia mikononi mwa watu. Alionyesha kwa michoro kwamba macho yaleyale, bila kuguswa hata kidogo, yanaonekana kuangalia mahali pengine ukibadilisha uso unaoyazunguka. Utazamo hausomwi kwenye jicho pekee. Unasomwa kwenye jicho na kichwa kwa pamoja, na anayekata uso wa ndani anaipasua ile jozi katikati.

Uso wa ndani unakubali pale tu ambapo tofauti ya kugeuka ni ndogo kweli, nyuzi 3 au 4, na sura yenyewe ndiyo unayoitaka: mtu aliyepiga chafya, mtoto aliyefungua kinywa. Hata hapo taya inasumbua. Kinywa kilichofunguka kinashusha kidevu, na kidevu kipya kinakuta shingo ya zamani. Kwa kazi ya macho yaliyofumbwa sioni sababu ya kuvuka chini ya mashavu.

Macho peke yake

Njia hii ina sharti moja la kwanza, kwamba kichwa cha picha ya msingi ni kizuri na ubaya ni kope tu. Na ina sharti la pili ambalo watu hulisahau: kwa nini kope zilifumba? Kupepesa kwa kawaida kunashusha kope la juu na kuacha mashavu yalivyo. Kufumba kwa kicheko kunapandisha mashavu hadi yanasukuma kope la chini. Ukiweka macho yaliyotulia juu ya mashavu ya kicheko, unapata mtu anayecheka kwa midomo huku macho yake yamekodoa. Inatisha kidogo, nasema kweli.

Kambo alikuwa anapepesa tu. Kwa hiyo nimechukua macho ya picha ya 3, ile iliyoinama. Kipande kinaanzia juu ya nyusi na kuishia chini ya mfuko wa jicho, kikiwa kimoja kwa macho yote mawili pamoja na daraja la pua, ili umbali kati ya macho usibadilike. Nyusi lazima ziingie, kwa sababu jicho likifunguka nyusi nazo hupanda kidogo, na nyusi za mtu aliyefumba zikiachwa juu ya macho yaliyo wazi zinamfanya aonekane mzito wa usingizi.

Kwa Ctrl+T nimezungusha nyuzi 9, tofauti ya 10 na 1. Ukubwa nimeuacha asilimia 100, maana kamera haikusogea na upana wa 119 kwa 120 ni sawasawa. Kama ingebidi kukuza, kipimo cha kuamini ni weusi wa jicho: uwe na pikseli zilezile kama wa jirani aliyekaa mstari mmoja naye. Wengine hukuza kwa kulinganisha upana wa macho. Ni sawa kama vichwa vyote viwili vimegeuka sawa, vinginevyo unamkuza mtu kufidia kitu ambacho si ukubwa.

Ukishazungusha, punguza Opacity ya leya hadi asilimia 50 na ulinganishe kona za ndani za macho, zile zilizo karibu na pua. Hizo hazihami jicho likifumba. Kona za nje zinacheza kidogo. Halafu maski, brashi laini, na mshono upite kwenye ngozi tupu, usipite kwenye mikunjo ya kando ya jicho. Kwa mtu wa umri wa kambo mikunjo hiyo ni ya kwake, na wajukuu wanaijua. Ama uichukue yote kutoka picha ya 3, ama uiache yote ya picha ya 4. Ukiichanganya nusu kwa nusu, ndipo unapoambiwa "sura kama yake, ila sijui nini."

Kabla ya kufunga, tazama nukta nyeupe ya mwanga juu ya weusi wa jicho. Uwanjani kivulini mwanga unatoka mbinguni, kwa hiyo nukta iko juu, kama saa sita. Kuzungusha nyuzi 9 kunaipeleka pembeni kidogo. Kwenye jicho la pikseli 16 hakuna atakayeona. Kwenye picha ya mtu mmoja aliyejaza fremu, ifute na uiweke upya juu.

Je, macho ya picha ya 6 yangewezekana?

Yangewezekana, na inafaa ujue jinsi, kwa sababu siku nyingine hutakuwa na picha ya 3.

Macho ya kichwa kilichogeuka nyuzi 15 yakiwekwa kwenye kichwa kinachotazama mbele yanaangalia pembeni. Kwa kambo weusi umesogea kulia karibu pikseli 3 na nusu. Dawa ni kuurudisha kushoto kiasi hichohicho. Unakata weusi wa kila jicho kwenye leya yake, unajaza weupe ulioachwa kwa kuuchukua palepale kando, kisha unasogeza. Liquify, kwa Kifaransa Fluidité, si ya kazi hii: vitelezi vyake vya macho vinabadilisha ukubwa, urefu, upana, mwinamo na umbali, lakini mwelekeo wa utazamo havina. Ukisukuma weusi kwa kidole cha Forward Warp unakuwa yai.

Mambo matatu yanaharibu hatua hii. La kwanza, weusi wa macho yote mawili usogee pamoja, upande mmoja, kiasi kimoja. Jicho moja likibaki nyuma, umempa mtu makengeza asiyokuwa nayo.

La pili ni kope. Kusogeza kushoto au kulia kope halijali. Kusogeza juu au chini kope la juu linafuata weusi siku zote: mtu akiangalia chini, kope linashuka naye. Ukiushusha weusi na kuliacha kope juu, weupe unatokea kati yao, na mtu anaonekana amestuka kama aliyeona nyoka. Kwa hiyo utazamo wa juu na chini sirekebishi kwa kusogeza weusi. Natafuta picha nyingine.

La tatu ni ile nukta ya mwanga. Iko juu ya kioo cha jicho, haikuchorwa kwenye mboni, na jicho likizunguka inasogea karibu nusu tu ya mwendo wa mboni. Ukihamisha weusi pikseli 3, nukta ipeleke 1 na nusu. Ndiyo maana naikata kwenye leya ya peke yake kabla ya kugusa chochote. Kwenye macho madogo inaonekana ni upuuzi, lakini picha ikichapwa sentimita 30 kwa 45 na kutundikwa sebuleni, nukta iliyogandishwa kwenye mboni inalifanya jicho lionekane la kuchora.

Sasa linganisha: kuzungusha mara moja kwa picha ya 3, au upasuaji huu wote kwa picha ya 6. Na hata ukimaliza upasuaji, umbo la kope la picha ya 6 bado ni la mtu aliyegeuka: jicho la upande wa mbali limebanwa kidogo. Ni kazi ya saa nzima kufikia matokeo mabaya zaidi. Kama umeme umeondoka na unafanyia kazi betri ya laptop, usiianze.

Kichwa kizima

Inaonekana ni ajabu kwamba kipande kikubwa ni salama kuliko cha kati, lakini sababu ni ileile ya Wollaston. Kichwa kizima kinakuja na macho yake, pua yake, masikio yake na kitambaa chake, vyote vikikubaliana. Kinachobaki kupatanishwa ni shingo na mabega, na shingo ya binadamu inageuka kwa uhuru. Mtu aliyekaa mabega mbele na kichwa kimegeuka nyuzi 15 hamshangazi yeyote. Kwa hiyo picha ya 6, iliyokuwa mbaya kwa uso na ngumu kwa macho, kwa kichwa kizima ni nzuri kabisa, na utazamo wake hauhitaji kuguswa.

Kwa tripodi ni raha zaidi: sikati kichwa kwa kufuata ukingo wa kitambaa. Nakata kwa upana, na ukuta wa nyuma unaingia ndani ya kipande, kisha mshono unapita ukutani ambako picha zote mbili ni sawa. Chini mshono nauficha kwenye kola, kwenye mkufu au kwenye kivuli cha kidevu. Kama kamera ilikuwa mkononi, Auto-Align Layers kwa chaguo la Reposition inasaidia, ila kumbuka inalinganisha kile kilicho kingi. Mpiga picha akipiga hatua pembeni, ukuta utalingana na watu hawatalingana.

Tatizo la njia hii ni mtu kuwa amesogea mwili. Kwenye picha ya 3 kambo hakuinamisha kichwa tu, aliegemea na kiwiliwili, na kichwa chake kikaenda pikseli 60 kando. Kukileta kizima kunataka kukisogeza na kukizungusha, na hapo inabidi kujua mhimili uko wapi. Ctrl+T inazungusha kwa kawaida kwenye kitovu cha kipande, yaani puani, na kichwa kinachozungushwa puani kinateleza juu ya shingo. Washa ile alama ya kitovu kwenye mstari wa juu, maana matoleo mapya huificha, uiburute hadi chini ya shingo, kwenye kishimo kati ya mifupa ya bega. Ndiko kichwa kinakoinamia.

Na usirudishe nyuzi zote 9. Rudisha 5 au 6. Watu hawakai kama picha za pasipoti, na kichwa kilichobaki na mwinamo mdogo kuelekea kwa mjukuu kinakaa vizuri kuliko kilichonyooshwa kwa rula. Mwanga nao unakuwekea mpaka: saa saba mchana, jua likiwa juu ya kichwa, kivuli cha pua kinashuka wima kwa kila mtu kwenye mstari. Ukizungusha kichwa kimoja nyuzi 9, kivuli chake peke yake kitalala upande. Kivulini tatizo hilo ni dogo.

Kwenye harusi hiyohiyo, baba mdogo wa bibi harusi alikuwa amefumba kwa kicheko. Kwake macho peke yake yasingekubali, kwa sababu ya yale mashavu. Nimechukua kichwa kizima kwenye picha ya 6, kola ya shati ikaficha mshono, na imekwisha kabla chai haijapoa.

Nichague kipi, basi?

Kama anapepesa tu na pua inakubaliana kwenye picha zote mbili, chukua macho na nyusi, na mwinamo usikutishe. Kama amecheka, au pua inaonyesha zaidi ya nyuzi 5 za kugeuka, ruka moja kwa moja hadi kichwa kizima, mradi kuna kola, kitambaa au mkufu wa kuficha shingo. Shingo ikiwa wazi yote na mwili umesogea, jaribu macho ya kichwa kilichogeuka kwa kusogeza weusi, ukikubali kwamba itachukua muda. Uso wa ndani uje baada ya hayo yote.

Namna ya kujijaribu: punguza picha hadi ukubwa wa karatasi ya sentimita 10 kwa 15, igeuze kulia iwe kushoto kwa Flip Canvas Horizontal, usogee mbali na skrini. Jicho lililozoea picha kwa saa nzima linaiona upya. Kisha ziba macho ya kambo kwa kidole gumba na ujiulize kichwa kinaelekea wapi, halafu ziba kuanzia pua kushuka na ujiulize macho yanaelekea wapi. Majibu mawili yakitofautiana kwa namna ambayo mtu wa kweli hawezi kuwa nayo, rudi kwenye vipimo. Ukimwita mtu aangalie, usimuulize kama iko sawa, maana atakuambia iko sawa. Muulize, "Kambo anaangalia wapi?" Akijibu "kwetu" bila kusita, chapa.

Na kama picha zote za kuazimia zina kidevu kilichopanda, au kambo ameshusha macho kuangalia mikono yake kwenye kila moja, mimi namwambia bibi harusi achague picha nyingine ya familia, ile ambayo watoto wamegeukia nyuma. Vichwa vya watoto viwili vizima, wakiwa na kola za shule ya Jumapili zilizofungwa hadi juu, ni kazi ya dakika chache.